Kumsalimu usiyemjua: njiani kijijini, barabarani jijini na ndani ya lifti

Kijijini, anayepita kimya ndiye anayeonekana ana jambo. Katikati ya jiji kubwa, anayemsalimu kila anayepishana naye ndiye anayeonekana ana jambo. Wengi huimaliza tofauti hii kwa kusema watu wa mjini wana roho ngumu, au watu wa kijijini ni wadaku. Maelezo hayo hayamsaidii mtu aliyehama juzi, ambaye kesho asubuhi ataingia lifti na watu sita asiowajua. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, na kwa yule wa mjini anayekwenda kukaa kijijini wiki mbili na anashangaa kwa nini watu wananyamaza akipita.

Salamu inafanya kazi mbili tofauti

Kijijini mgeni ni habari. Anapotokea njiani, kila anayemwona anajiuliza: huyu ni nani, ametoka wapi, amekuja kwa nani? Salamu ndiyo hatua ya kwanza ya kujibu maswali hayo. Ukisalimu, wenyeji wanasikia sauti yako, wanaona uso wako, na wanajua kwamba hujifichi. Ndiyo maana kijijini salamu huachwa wazi, ili mwenyeji akitaka aendelee na swali lingine. Watu wanaopita ni wachache, kwa hiyo kila mmoja anaweza kupewa muda wake.

Jijini hesabu inakataa. Chukulia kwamba katika mwendo wa dakika kumi kwenye barabara yenye watu wengi unapishana na watu 300. Ukimpa kila mmoja sekunde mbili tu za salamu, umetumia dakika kumi nzima ukisalimu, na bado hujaangalia magari. Kwa hiyo wakazi wa jiji wamejiwekea mapatano yasiyoandikwa: tuonane, lakini tusisumbuane. Mwanasosholojia Erving Goffman aliyaeleza mapatano hayo mwaka 1963. Aliona kwamba watu wawili wanaopishana hutazamana kwa mbali, na wakifika kama mita mbili na nusu kila mmoja anashusha macho, kisha wanapita. Kushusha macho huko si dharau. Ni namna ya kumwambia mwenzako kwamba umemwona na huna shida naye.

Kuna sababu ya pili, na hii ndiyo inayowaponza wahamiaji. Jijini, mtu usiyemjua akikusemesha, mara nyingi anataka kitu: auze, aombe, aulize njia, au mabaya zaidi. Msikilizaji anaposikia salamu hasikii heri. Anangoja ombi linalofuata. Kwa hiyo salamu ya jijini inatakiwa ionyeshe mwisho wake palepale inapoanza, wakati ya kijijini inatakiwa ionyeshe kwamba haina haraka ya kwisha. Hatua zote zinazofuata zinategemea jambo hilo moja.

Hatua ya kwanza: pima mahali ulipo

Usiulize kama hapa ni mjini au kijijini. Jiulize ninapishana na watu wangapi, na kuna uwezekano gani wa kuwaona tena. Wakiwa wachache, au ukiwa na hakika ya kukutana nao tena, uko kijijini hata kama kuna maghorofa pande zote. Wakiwa wengi na hutawaona tena, uko jijini, hata kama ni siku ya gulio katika mji mdogo.

Kipimo hiki kinaeleza mambo ambayo watu huyaona ya ajabu. Barabara ileile ya jiji, ambayo saa nane mchana hakuna anayemtazama mwenzake, alfajiri wapita njia wawili hupeana salamu. Wakimbiaji wa mazoezi husalimiana. Watu wa jiji wakipanda mlima siku ya mapumziko, humsalimu kila wanayekutana naye njiani, kisha wakirudi mjini jioni wananyamaza tena. Tabia zao hazikubadilika, ila idadi ya watu ilibadilika.

Mimi hutumia kanuni nyepesi: nikiweza kuwaona wote waliopo mbele yangu kwa jicho moja bila kugeuza shingo, nasalimu. Nikishindwa, nasalimu kwa macho tu, na hata hivyo kwa yule tu ambaye macho yetu yamekutana.

Ukifika mahali pageni kabisa, tembea dakika tano bila kuanzisha salamu, ila ukiitika zote unazopewa, na uwatazame wenyeji kwa wenyeji wanafanyaje. Wageni wengi huanza kwa kutenda kama walikotoka, kisha hushangaa.

Hatua ya pili: barabarani jijini

Hapa salamu kamili ya maneno haihitajiki isipokuwa kuna sababu: mmegongana bega, mmesimama pamoja mkingoja kuvuka, au anafagia mbele ya mlango unaoingia. Kwa wengine wote macho yanatosha. Kutosha huko si kwa kubahatisha. Mwaka 2012 Eric Wesselmann na wenzake walichapisha jaribio lililofanyika katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Mtu alipishana na wapita njia, wengine akiwatazama machoni, wengine akiwatazama machoni na kutabasamu, wengine akitazama kama vile mbele yake hakuna mtu. Walipoulizwa muda mfupi baadaye, wale waliotazamwa kama hewa ndio waliojihisi zaidi kutengwa na wenzao. Jicho moja la mgeni, tena la kupita tu, lilikuwa na uzito.

Ukitaka kusalimu kwa macho, tazama mara moja, inua nyusi au inamisha kichwa kidogo, kisha rudisha macho kwenye njia yako. Kama unaongeza neno, liwe moja, kwa sauti ya chini. La muhimu kuliko yote: usipunguze mwendo. Kijijini kupunguza mwendo ni adabu, kwa sababu kunaonyesha una nafasi kwa ajili ya mwenzako. Jijini ndiyo ishara kwamba unataka kusimama, na anayetaka kusimama ana ombi. Mhamiaji mwenye nia safi kabisa, anayepunguza mwendo, anageuza mwili na kutabasamu kabla ya kusalimu, anafanya kila kitu ambacho tapeli hufanya kabla ya kuanza maneno yake. Salimu huku miguu ikiendelea, na utaona watu wengi wanaitika.

Kuna hali ambazo jijini kunyamaza ni bora. Mtu mwenye hedifoni masikioni amekwisha kujibu kabla hujamsalimu. Mwanamke anayetembea peke yake usiku hahitaji salamu ya mwanaume anayekuja nyuma yake, hata iwe ya heshima namna gani. Anachohitaji ni umbali. Vuka uende upande wa pili wa barabara, au simama kidogo aende mbele.

Hatua ya tatu: njiani kijijini

Ugumu wa kijijini kwa mtu wa mjini ni wakati. Mtu anatembea karibu mita 1.4 kwa sekunde. Wawili wanaokabiliana wanakaribiana kwa mita 2.8 kila sekunde. Mkionana kwenye njia iliyonyooka mkiwa mita 30, mna sekunde kumi na moja kabla ya kupishana, na sekunde kumi na moja za kutazamana na kutabasamu ni ndefu mno. Mtu wa mjini kwa kuona haya hutoa simu akaitazama hadi apite, na hapo ndipo anapoonekana mwenye kiburi.

Wenyeji hawatazamani muda wote huo. Mkionana kwa mbali, onyesha kwamba umemwona: inua mkono au kichwa. Kisha angalia njia, shamba, miguu yako, chochote. Mkibakiwa na hatua nne au tano, inua macho tena na utoe salamu yenyewe kwa sauti inayosikika. Sasa punguza mwendo. Ukiona naye anapunguza, simama, na usiwe wa kwanza kuondoka ikiwa yeye ni mkubwa kwako.

Sehemu nyingi, anayefika ndiye anayemsalimu aliyepo, na anayetembea humsalimu aliyekaa. Ukipita mbele ya watu waliokaa nje ya nyumba, usingoje wakuanze. Kama ni kundi, salimu wote kwa mara moja, kisha mpe mkubwa wao salamu yake ya heshima. Ukimwamkia mmoja tu na kuwaacha wengine wa rika lake, umeanzisha maneno.

Baada ya salamu yatakuja maswali: unatoka wapi, unaenda kwa nani. Mtu wa mjini huyachukulia kama kupekuliwa, akajibu kwa ukali au akadanganya. Hayahitaji maelezo marefu. "Naenda kule kwa mzee, upande wa mtoni" inatosha kabisa, kwa sababu aliyeuliza anatafuta pa kukuweka kichwani mwake, na umempa. Ukimnyima, atamuuliza mtu mwingine, na kufikia jioni utakuwa umeelezwa na watu ambao hawajakuona.

Mkikutana tena siku hiyohiyo, usirudie salamu nzima. Mara ya pili inatosha neno la kazi au la safari, kama "umekwisha rudi?" Mara ya tatu inatosha tabasamu. Kila mara inafupishwa, lakini haifutwi.

Hatua ya nne: ndani ya lifti

Lifti inavuruga kanuni zote mbili. Mko jijini, lakini mmesimama karibu kuliko watu wa nyumba moja. Edward Hall, mwanaanthropolojia wa Kimarekani, mwaka 1966 aliupa umbali wa chini ya sentimita 45 hadhi ya watu wa karibu sana: mama na mtoto, wapenzi. Lifti iliyojaa inawaweka wageni ndani ya umbali huo, na hakuna pa kwenda. Barabarani ulionyesha mwisho wa salamu yako kwa kuendelea kutembea, lakini hapa huwezi kutembea. Kwa hiyo mwisho wa salamu unaonyeshwa kwa mwili na macho.

Salimu mlango ukiwa bado wazi, wakati ule unapovuka kizingiti. Salamu inayotolewa hapo ni ya mtu anayeingia, na kila mtu anaielewa. Ikitolewa sekunde tano baada ya mlango kufungwa, katika ukimya, kila aliyemo anashtuka na kujiuliza anaambiwa nani. Kama ulikosa nafasi, nyamaza. Utasalimu kesho.

Sema neno moja kwa wote: "Habari za asubuhi." Usimtazame mmoja mmoja ukingoja jibu. Peleka macho kwa wote mara moja, kisha geuka uelekee mlangoni na utazame namba za ghorofa zinavyobadilika. Kugeuka huko ndiko kunakowaambia kwamba salamu imekwisha na hakuna anayedaiwa kitu. Anayetaka kujibu atajibu, asiyetaka hakuaibishwa.

Mkiwa wawili tu na mwenzako ni mtu mzima, "shikamoo" iko mahali pake, kwa sababu aliyelengwa anajulikana na jibu lake ni fupi. Mkiwa wanane wa rika mbalimbali, iache. Utamlazimisha mmoja ajibu mbele ya wengine, na pengine yule uliyemdhania mzee hajioni hivyo. Salamu ya wote inamsitiri kila mtu.

Ikiwa lifti imejaa hadi mabega yanagusana, inamisha kichwa tu. Ikiwa waliomo wanaongea, usiwakatize. Ikiwa uko karibu na vitufe na mtu ameingia mikono imejaa mizigo, "ngapi?" ni salamu bora kuliko zote, kwa sababu ina faida. Lakini usiulize ghorofa ya mtu aliye peke yake nawe usiku. Swali hilohilo hapo ni taarifa asiyotaka kukupa. Simama pembeni, vitufe na mlango viwe wazi mbele yake, simu yako ishike mkononi, na salamu iwe neno moja au isiwepo. Akiamua kungoja lifti inayofuata, usimwambie "ingia tu, hamna shida." Acha mlango ufungwe.

Unapotoka, "siku njema" ya sauti ya chini inatosha, bila kugeuka nyuma. Hii watu wengi huisahau, lakini kwenye jengo unaloishi ndiyo inayokumbukwa, kwa kuwa inatolewa wakati huna tena cha kuomba.

Mfano: wiki ya kwanza ya mpangaji mpya

Tuseme kijana ametoka kijijini na kupanga ghorofa ya tisa. Jumatatu asubuhi anaingia lifti yenye watu wanne. Anasema "Hamjambo?" kwa sauti ya shambani, anamtazama mama mmoja, anaongeza "Habari za nyumbani? Mmeamkaje?" Mama anajibu "nzuri" na kusogeza mkoba wake mbele. Kijana anaona ameonewa. Hakuonewa. Salamu yake haikuonyesha itaishia wapi, na mama alikuwa anangoja ombi.

Jumanne anakasirika na kunyamaza kabisa, macho kwenye simu. Hili ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu lifti ya jengo lako ni kijiji: watu ni wachache na utawaona kila siku. Mwanasaikolojia Stanley Milgram, mwaka 1972, aliandika kuhusu watu wanaoonana kila siku kwenye kituo cha treni, pengine kwa miaka, wanazijua sura zao na hawajawahi kusemeshana. Kadiri ukimya unavyodumu, ndivyo kuuvunja kunavyohitaji sababu kubwa zaidi. Wiki ya kwanza unaruhusiwa kusalimu kwa kuwa wewe ni mgeni. Mwezi wa sita utahitaji lifti ikwame ndipo mpate la kusema.

Jumatano anafanya hivi: anavuka kizingiti, "Habari za asubuhi," macho mara moja kwa wote, anageuka mlangoni. Wawili wanajibu. Kwenye ghorofa ya chini anasema "Siku njema" na kutoka. Alhamisi yule mama anamwanza yeye: "Asubuhi njema, kaka." Ijumaa wako wawili tu, anaongeza sentensi moja: "Mimi ni jirani yenu mpya, ghorofa ya tisa." Mama anamwambia kwamba maji hukatika siku za jumapili. Sasa anaweza kuuliza mengine, kwa sababu mlango umefunguliwa kutoka upande wa pili.

Kijana huyohuyo, akitoka nje ya lango na kuingia kwenye umati wa barabara kuu, anarudi kwenye macho na kichwa. Lakini mlinzi wa lango na muuza magazeti aliyekaa kila siku mahali pamoja wanapata salamu ya maneno, kwa jina wakishamtajia.

Utajuaje kwamba umekosea

Jijini dalili huonekana mwilini kabla ya maneno: mkono unakwenda kwenye mkoba au mfuko, bega linageuka, hatua zinaongezeka. Ukiona mojawapo, usijieleze. Maelezo yanarefusha kile kilichomtia wasiwasi. Ondoa macho, ongeza umbali, endelea. Akikuuliza "tunafahamiana?", jibu "hapana, nilisalimu tu" na usisimame.

Kijijini dalili ni mazungumzo yanayokatika unapopita na kuanza tena nyuma yako, au mtoto anayetumwa kukufuata aulize unamtafuta nani. Hapa dawa ni kinyume: rudi hatua mbili, salimu upya, jitaje na umtaje mwenyeji wako. Dakika moja hiyo hufuta siku nzima ya kupita kimya.

Anabaki yule jirani wa lifti ambaye haitikii kamwe. Huenda hasikii vizuri, huenda ana msiba, huenda hapendi tu. Mpe salamu ya maneno asubuhi tatu tofauti, mkiwa wawili au watatu. Baada ya hapo shuka hadi kuinamisha kichwa, na ubaki hapo. Usiongeze sauti, usimseme kwa majirani, wala usiache kabisa. Siku akiitika, mwitikie vilevile ulivyomwitikia jana mtu mwingine yeyote, bila kumkumbusha kwamba alikuwa hajibu.